Mauzo mazuri yanavyoweza kukausha pesa: swichi mbili kwenye makisio ya miezi 12

Je, inakuwaje biashara iuze kuliko ilivyotarajia halafu ikose pesa ya mishahara? Na je, jambo hilo linaweza kuonekana mapema?

Linaonekana, maana kuuza ni tukio moja na kupokea pesa ni tukio jingine. Tuchukue mfano wa karakana ya sare za shule jijini Dar es Salaam, inayouzia maduka na shule kwa jumla. Nusu ya wateja hulipa papo hapo, nusu huchukua mali kauli na kulipa baada ya miezi miwili. Vitambaa hugharimu asilimia 60 ya mauzo, navyo hulipiwa mwezi mmoja kabla. Kodi na mishahara ni shilingi milioni 3 kila mwezi. Mauzo ya kawaida ni milioni 10 kwa mwezi, ila Desemba hufika milioni 20 na Januari, shule zinapofunguliwa, milioni 30.

Makisio yanaanza Julai kwa salio la milioni 10 na kuishia Juni. Kwenye Excel, miezi inakaa kuanzia safu ya C hadi N. Mstari wa 4 unabeba mauzo ya hali nzuri (Desemba na Januari zimeongezeka kwa asilimia 40), wa 5 hali inayotarajiwa, wa 6 hali mbaya (zimepungua kwa asilimia 40). Swichi ni seli B1, unayoandika 1, 2 au 3. Mstari wa 7 ndio unaochagua:

```
=CHOOSE($B$1,C4,C5,C6)
```

Hesabu za makusanyo na, kwa sasa, za manunuzi ya vitambaa zinasoma mstari wa 7 peke yake. Mtu akiandika tarakimu kwa mkono juu ya fomula ya Desemba au Januari, utamgundua kwa kubadili swichi: mwezi huo utabaki umeganda wakati mwenzake unabadilika.

Sasa weka 2. Salio linapanda hadi milioni 14 mwishoni mwa Oktoba. Novemba unalipia vitambaa vya Desemba na salio linashuka hadi milioni 9. Mwisho wa Desemba linabaki milioni 3. Hapo ndipo chini kabisa. Machi, madeni ya Januari yakishalipwa, salio ni milioni 31.

Weka 1, hali ambayo kila mfanyabiashara anaiombea. Vitambaa vya Desemba vinataka milioni 16.8, vya Januari milioni 25.2, na vyote vinalipiwa kabla wateja wa mkopo hawajaleta chochote cha msimu huo. Desemba inafungwa kwa hasi milioni 5. Machi karakana itakuwa na milioni 39, lakini mafundi wanadai mshahara wao Desemba.

Ukiweka 3, salio haliteremki chini ya milioni 11 Desemba, yaani hali mbaya inaonekana salama kuliko zote! Hapo inabidi kutilia shaka karatasi yenyewe. Imedhani kwamba mwenye karakana alijua mapema kuwa msimu utakuwa mbovu, akanunua vitambaa vichache. Kwa kweli hununua kwa matarajio, mauzo yakaja baadaye. Kwa hiyo manunuzi yanahitaji swichi yake, B2:

```
=0.6*CHOOSE($B$2,D4,D5,D6)
```

Inasoma D badala ya C kwa sababu vitambaa hulipiwa mwezi mmoja kabla. Hapo pana mtego: Juni, iliyo safu ya N, itasoma safu ya O. Usipoweka mauzo ya mwezi wa 13 hapo, Juni itaonekana tajiri kwa milioni 6 zisizokuwepo. Kadhalika Julai na Agosti zinahitaji madeni ya Mei na Juni yaliyopita, ambayo lazima yaandikwe kwa mkono kutoka daftari la wadaiwa.

Ukiacha B2 kwenye 2 na B1 ukaiweka 3, Desemba inafungwa kwa hasi milioni 1, na stoo imejaa vitambaa. Tatizo lipo pande zote mbili, ila sababu ni tofauti, na swichi moja isingelionyesha.

Chini ya salio la kila mwezi, tuseme liko mstari wa 15, weka `=MIN(C15:N15)`. Hiyo ndiyo tarakimu ya kuangalia kila ugeuzapo swichi, wala si salio la Juni, ambalo katika hali zote linapendeza.

Kisha jaribu dawa. Karakana ikidai malipo ya awali ya asilimia 15 kwa oda za Januari, yaletwe Desemba, hali nzuri inaingiza milioni 6.3 na salio linakuwa chanya milioni 1.3. Hali mbaya, yenye vitambaa vilivyokwisha kununuliwa, inaingiza milioni 2.7 na kufika milioni 1.7. Zaidi ya hapo, mteja akilipa hizo pesa mwanzoni mwa Desemba, mwenye karakana anajua ni kiasi gani cha vitambaa anunue kabla hajamlipa muuza vitambaa.