Pisi ni yadi ngapi? Andika chini ya picha ya kitenge

Nauza vitenge Kariakoo, na wateja wangu wengi wako mikoani. Hawawezi kukishika kitambaa wala kukifungua kaunta wakakipima kwa mkono. Wanayoyajua ni picha na maneno yaliyo chini yake, ndiyo maana maneno hayo nayaandika kwa uangalifu kuliko kitu kingine chochote dukani.

Shida kubwa iko kwenye "pisi". Mnunuzi wa khanga haulizi, maana doti ni pande mbili na kila mtu anajua. Kwa kitenge mambo ni tofauti. Duka moja pisi yake ni yadi 6, jirani yake anauza yadi 4, na wote wameandika "bei kwa pisi". Mteja akiona sh 22,000 kwa huyu na sh 30,000 kwangu, anadhani mimi ni ghali. Hebu gawanya: 22,000 kwa yadi 4 ni sh 5,500 kwa yadi, na 30,000 kwa yadi 6 ni sh 5,000. Kibaya zaidi, aliyenunua yadi 4 akitaka gauni refu na kilemba, fundi atamwambia kitambaa hakitoshi, na kipande cha kuongezea kiko Dar.

Hivi ndivyo ninavyoandika:

*Kitenge cha waksi, pamba tupu, namba 14, kijani na njano. Pisi 1 ni yadi 6, haikatwi. Upana inchi 45. Bei sh 30,000 kwa pisi. Ukichukua 5 au zaidi, sh 28,000. Duara moja la ua lina sentimita 24. Zimebaki pisi 8, zote za mzigo mmoja. Mikoani tunatuma kwa basi, nauli ya mzigo analipa mteja.*

Namba ya kitenge inamsaidia mteja kusema "nataka 14" badala ya "kile cha kijani", maana vya kijani ninavyo vingi. Kipimo cha ua kimo kwa sababu picha hudanganya ukubwa: ua linaloonekana dogo kwenye simu linaweza kufunika kifua kizima, na maua makubwa humla fundi kitambaa anapotaka yakutane kwenye mshono. Na "mzigo mmoja" ni kwa wanaoshona sare. Kitenge hichohicho kikija tena mwezi ujao, kijani chake kinaweza kupauka kidogo au kukolea, na kwenye mstari wa akina mama waliosimama pamoja tofauti hiyo inaonekana mara moja.

Picha yenyewe naipiga mchana kivulini, pembeni nimeweka karatasi nyeupe. Karatasi ikionekana ya njano au ya bluu, najua rangi za kitenge nazo zimepotoka, napiga upya. Nakunja pia pembe moja ili upande wa nyuma uonekane. Waksi hukolea rangi pande zote mbili. Kilichochapwa upande mmoja tu, mgongo wake umefifia, na mteja ana haki ya kuliona hilo kabla hajatuma hela.

Chukua mteja wa Songea anayetaka sare za watu watano, kila mmoja gauni refu na kilemba. "Dada, pisi moja inatosha mtu mmoja?" Inatosha, kwa umbo la wastani: gauni yadi 4 na kidogo, inayobaki ni ya kilemba. Pisi 5 kwa sh 28,000 ni sh 140,000. Tuseme ofisi ya basi inatoza sh 10,000 kwa furushi. Jumla ni sh 150,000, yaani sh 30,000 kila mtu mpaka Songea. Angeagiza pisi moja peke yake, nauli ya furushi dogo isingepungua sana, na yote ingemwangukia yeye. Kwa hiyo wa mbali namshauri akusanye oda na wenzake.

Hela ikiingia, nafunga mzigo mbele ya kamera, naandika jina na simu ya mpokeaji pande mbili za furushi, kisha namtumia picha ya risiti ya basi, jina la basi na namba ya gari. Bila risiti hiyo, akifika stendi hana la kuonyesha.

Naandika "bei inboksi"? Hapana. Mtu wa mbali anatumia bando lake kuuliza jambo ambalo ningeweza kuliandika kwa tarakimu tano.

Mzigo ukifika, namwomba aufungue na kuupima kwa futi ya fundi kabla ya kufua wala kukata: yadi 6 ni mita 5 na sentimita 48 hivi. Ukipungua, anipigie siku hiyohiyo nami nabadilisha. Kikishapita mkasi, sikirudishi.