Hatia na aibu: kwa nini mmoja hurudi kliniki na mwingine hujificha

Swali: Mdogo wangu anatumia ARV. Alisafiri kwenda msibani akasahau kopo la dawa nyumbani, akakaa wiki mbili bila kumeza. Sasa tarehe yake ya kliniki imepita na hataki kwenda, ingawa anasema anajuta sana. Anayejuta kweli si angewahi kurudi?

Yawezekana kinachomshika si hatia bali aibu, na hisia hizi mbili hazimsukumi mtu upande mmoja. Mwanasaikolojia wa Marekani, Helen Block Lewis, alizitenganisha mwaka 1971 kwa kutazama kile ambacho mtu anakihukumu. Mwenye hatia hulihukumu tendo: "Niliondoka bila dawa, nimejiweka hatarini." Mwenye aibu hujihukumu mwenyewe mzima: "Mimi ni mzembe, sifai kitu." Kosa ni lile lile la kopo lililosahaulika, ila kwa wa kwanza lina mwanzo na mwisho, na kwa wa pili limemeza kila kitu kinachomhusu.

Msikilize anavyosimulia. Akirudia habari za safari, siku alizokosa dawa na jinsi angeweza kuagiza aletewe, huyo yumo katika hatia. Akiinamisha macho, akazungumza zaidi juu ya muuguzi atakavyomtazama, au akasema anatamani ardhi ipasuke immeze, hiyo ni aibu, hata kama yeye mwenyewe anaiita majuto.

Swali: Kwa nini aibu imfanye mtu akimbie badala ya kurekebisha?

Kwa sababu tendo linaweza kurekebishwa, lakini mtu aliyekwisha kujihukumu kuwa ni mbovu mzima haoni pa kuanzia. Mwenye hatia hukosa utulivu mpaka afanye jambo, yaani akiri, aombe radhi au afidie, na akishafanya hivyo hisia hupungua. Mwenye aibu hana kazi ya namna hiyo ya kufanya, kwa hiyo hutafuta nafuu kwa njia mbili. Ya kwanza ni kujificha: hapokei simu ya mhudumu, au anaficha kopo ili ndugu wasilione. Ya pili, ambayo huwashangaza wengi, ni ukali: "Ninyi ndio mlionihimiza nisafiri haraka." Lawama ikihamia kwa mwingine, uchungu hupoa kwa muda.

Njia hii ya pili ilionekana katika utafiti wa mwanasaikolojia June Tangney na wenzake, uliochapishwa mwaka 2014, ambao uliwafuatilia wafungwa nchini Marekani baada ya kuachiliwa. Waliokuwa wepesi wa kuhisi hatia walielekea kutorudia uhalifu. Kwa wenye aibu mambo yalikuwa na sura mbili: aibu iliyowafanya walaumu wengine iliambatana na kurudia uhalifu, lakini pasipo lawama hiyo, aibu iliweza hata kumzuia mtu. Kwa hiyo si haki kusema kwamba aibu ni mbaya daima.

Swali: Basi nimzidishie hatia ili arudi?

La, kwani hatia nayo ina mipaka. Inafaa pale ambapo kosa ni la mtu kweli na kuna la kufanya. Mama anayejilaumu miaka yote kwa maambukizi ambayo hakuyajua wala hakuweza kuyazuia hana cha kufidia, na hatia ya namna hiyo, hasa ikiambatana na kukosa usingizi, kukosa hamu ya chakula na huzuni isiyokwisha, huweza kuwa dalili ya sonona, inayohitaji tiba.

Kwa mdogo wako, jitahidi kulirudisha kosa kwenye ukubwa wake. "Wewe huna akili, utajiua" inamhukumu yeye. Mwambie badala yake: "Ulikosa dozi za wiki mbili. Twende kesho, uwaeleze siku zenyewe." Asimeze dozi mbili kwa pamoja ili kufidia zilizopita, na asingoje eti mpaka apate maelezo ya kupendeza, kwa kuwa kila siku anayongoja virusi hupata nafasi ya kuongezeka. Kliniki wataamua namna ya kuendelea na dawa na kama apimwe wingi wa virusi. Kwa kawaida kiwango kikiwa juu, mgonjwa hupewa ushauri wa kina kuhusu umezaji wa dawa, kisha hupimwa tena.

Mhudumu naye ana sehemu yake. "Kwa nini hukumeza?" ikiulizwa kwa sauti mbele ya foleni huamsha aibu, na mgonjwa hujibu kwamba amemeza zote. "Wengi hukosa dozi wakisafiri, wewe ulikosa ngapi?" ikiulizwa faraghani huacha nafasi ya kusema ukweli. Ukiona kliniki hiyo ina mazoea ya kufokea watu, omba mzungumze na mshauri chumbani kabla mdogo wako hajapanga foleni.