Kwa nini slaidi zinazoruka kutoka "sisi" kwenda "wewe" zinachanganya watu?

"Natengeneza slaidi za kuwaelekeza wafanyakazi wapya jinsi ya kuomba likizo. Niandike 'tunajaza fomu' au 'unajaza fomu'? Na nikichanganya kuna shida gani?"

Angalia kwanza nani anafanya hicho kitendo. Kama kazi ni ya anayesoma, mwambie yeye: jaza, tuma, subiri. "Tu-" iweke pale ambapo kweli mnafanya pamoja.

Shida ni kwamba "tu-" yetu ni moja tu. Kuna lugha zenye "sisi" mbili, moja inamhesabu msikilizaji na nyingine inamwacha nje, ila Kiswahili hakina hiyo, kwa hiyo msomaji anakisia kutokana na sentensi iliyotangulia, na kwenye slaidi sentensi iliyotangulia imeshapita, haioni tena.

Cheki hizi nne:

Slaidi ya 2: Tunaomba likizo siku 14 kabla.
Slaidi ya 3: Jaza fomu.
Slaidi ya 4: Tunapitia fomu ndani ya siku 3.
Slaidi ya 5: Tutawatumia majibu.

Kwenye ya 2 "tu-" ni wafanyakazi, kwenye ya 4 imegeuka kuwa ofisi na hakuna aliyeambiwa, sasa mgeni anabaki anajiuliza kama na yeye anatakiwa kupitia fomu za wenzake. Ya 5 ndo kali zaidi, maana "-wa-" inaweza kuwa ninyi au wale, yaani majibu yanakuja kwangu au kwa bosi wangu?

Ukimshika "wewe" mwanzo mwisho inakuwa: "Omba likizo siku 14 kabla. Jaza fomu. Ofisi ya utumishi inapitia fomu yako ndani ya siku 3. Utapata majibu kwa imeili." Ofisi imetajwa kwa jina lake, basi, hakuna wa kumkisia.

Na kwa nini "u-" wakati ukumbini wamo watu 40? Kwa sababu kila mmoja anasoma kivyake, na hiyo fomu ataijaza peke yake. Mdomoni sema "mnaona hapa" kama kawaida, hilo halisumbui mtu, ni maandishi ndo yasiyumbe. Vichwa kama "Kuomba likizo" havina nafsi yoyote, viache (mi huwa navipenda kwa sababu hiyohiyo).

Ukimaliza, fungua mwonekano wa maandishi matupu na usome vitenzi tu, slaidi moja baada ya nyingine. Usitafute "tu" kwenye kisanduku cha kutafuta, utaletewa watu, vitu na viatu vyote, tafuta "etu", "ako" na "enu": ukikuta "fomu yako" slaidi ya 3 halafu "fomu zenu" slaidi ya 6, hapo ndo ulipoteleza.