Kimashine cha kidoleni hakihesabu pumzi

"Daktari, anapumua vizuri, oksijeni yake 96." Sentensi hii nimeisikia tena juzi usiku, na nimeisikia mara nyingi kiasi kwamba safari hii naiandikia. Aliyeisema ni muuguzi mzuri, mtu ninayemwachia wagonjwa wangu bila wasiwasi. Kosa lenyewe ni letu sote tunaoshika oksimita, kile kimashine cha kidoleni kinachopima oksijeni: tunaona namba nzuri, kisha tunaitolea ushahidi wa jambo ambalo haikulipima.

Mgonjwa alikuwa mzee wa miaka 60 na ushei, amefanyiwa upasuaji wa tumbo mchana. Alilalamika maumivu, akapewa morfini, akalalamika tena, akaongezewa. Puani ana mpira wa oksijeni, lita 3 kwa dakika. Nilipofika alikuwa anakoroma. Ukimtazama kutoka mlangoni ungesema hatimaye kapata usingizi. Nikaweka kiganja juu ya kifua chake, nikaikazia macho saa ya ukutani dakika nzima: pumzi 6. Mboni zimesinyaa kama ncha ya sindano. Nikamtikisa bega, akafungua jicho moja, akalifunga. Kwenye chati, saa moja nyuma, upumuaji umeandikwa 18. Kwenye skrini SPO2, yaani kipimo cha oksijeni, 96, wimbi la mapigo safi kabisa, mapigo 88. Kila kitu cha kijani.

Sasa, ile 96 ni nini? Kifaa kinapitisha mwanga wa aina mbili kwenye kidole, mwekundu wa nanomita 660 na ule usioonekana wa nanomita 940. Himoglobini yenye oksijeni na isiyo nayo huumeza mwanga huo kwa viwango tofauti. Ujanja wa Takuo Aoyagi, mhandisi wa Kijapani aliyeligundua jambo hili miaka ya 1970, ulikuwa kuangalia sehemu ya mwanga inayopandashuka na mapigo peke yake, kwa hiyo mfupa, ngozi na damu ya vena vinawekwa kando. Uwiano unaopatikana unalinganishwa na jedwali lililotengenezwa kwa watu wazima wenye afya waliovutishwa hewa yenye oksijeni kidogo huku damu yao ikipimwa. Basi. Jibu ni asilimia ya himoglobini ya ateri iliyobeba oksijeni, ndiyo tunayoiita saturesheni. Hakuna mahali popote katika hesabu hiyo ambapo kifua kimeingia.

Kupumua kuna kazi mbili, na hapa ndipo ninapokosa subira. Moja ni kuingiza oksijeni. Nyingine ni kutoa hewa ukaa. Oksimita inaona matokeo ya kazi ya kwanza, na hata hayo kwa mbali. Kazi ya pili haiioni kabisa. Mgonjwa akiwa anavuta hewa ya kawaida ya chumbani, kazi hizo mbili zimefungwa pamoja: akipumua kidogo, hewa ukaa inajazana mapafuni, inabana nafasi ya oksijeni, na namba inashuka upesi. Hapo oksimita inafanya kazi ya kengele, ingawa kwa bahati tu. Ukimwekea mpira wa oksijeni puani, umeikata kamba ya kengele.

Tufanye hesabu kidogo, maana hesabu hii ndiyo iliyonizindua mimi mwenyewe. PAO2 ni shinikizo la oksijeni ndani ya vifuko vya mapafu, FiO2 ni sehemu ya oksijeni katika hewa inayovutwa, PaCO2 ni shinikizo la hewa ukaa kwenye damu, 760 ni shinikizo la hewa na 47 ni la mvuke wa maji. Kwa kanda iliyo usawa wa bahari:

```
PAO2 = FiO2 × (760 − 47) − PaCO2 / 0.8
```

Mtu mzima mwenye afya, hewa ya chumbani 0.21, hewa ukaa 40: tunapata 150 toa 50, yaani 100 ndani ya vifuko vya mapafu. Saturesheni 97 au 98. Sasa mlaze mtu huyo kwa morfini mpaka hewa ukaa ifike 80. Inakuwa 150 toa 100, yaani 50. Kwenye damu itakuwa chini kidogo ya hapo, na kwa damu yenye asidi kama hiyo saturesheni inaangukia chini ya 80. Mashine inapiga kelele, wote tunakimbia. Mtu yuleyule, hewa ukaa ileile 80, lakini mpe oksijeni kama asilimia 30, ambayo lita 3 za puani zinaikaribia: 214 toa 100, yaani 114. Ana oksijeni nyingi mapafuni kuliko wewe unayesoma. Saturesheni 96. Na anasumika kwa hewa ukaa yake mwenyewe.

Damu ya ateri ya yule mzee ilirudi hivi: hewa ukaa 80, pH 7.09, yaani damu imejaa asidi, shinikizo la oksijeni 94. Kwa hiyo oksimita haikudanganya hata tone. Ilisema 96 na ilikuwa 96. Sisi ndio tuliosikia "anapumua vizuri".

Anayebisha aje chumba cha upasuaji asubuhi yoyote. Namvutisha mgonjwa oksijeni tupu dakika 3, nampa dawa ya usingizi, kisha ya kulegeza misuli. Kuanzia hapo hapumui. Si kidogo, hapumui kabisa. Nami niko pale naweka laringoskopu, natafuta njia, na mashine inaimba 100, 100, 100. Mtu mzima mwenye mapafu mazuri anaweza kukaa dakika kadhaa namna hiyo kabla namba haijatikisika. Angekuwa hakuvutishwa oksijeni, ingeanza kuporomoka ndani ya dakika moja hivi. Ndiyo maana mpira wa kupumulia ukiingia kwenye umio badala ya koo la hewa, atakayekwambia "mbona saturesheni nzuri" ni mtu wa kuogopwa. Tunatazama hewa ukaa inayotoka, wimbi baada ya wimbi. Ikiwa haipo, mpira unatoka, saturesheni iwe 100 au 60.

Na kuna kuchelewa. Damu inatoka kwenye mapafu hadi kidoleni, na kifaa nacho kinakokotoa wastani wa sekunde kadhaa. Kidole kikiwa baridi, au presha iko chini, namba unayoiona inaweza kuwa ya nusu dakika iliyopita au zaidi. Nimewahi kuweka mpira wa kupumulia mahali pake sawasawa, kifua kinapanda vizuri, na namba ikaendelea kushuka hadi 81 kabla ya kugeuka. Sekunde zile ni ndefu. Mwanafunzi aliyekuwa pembeni alitaka niutoe.

Yapo mengine yanayopotosha, nitayapitia haraka. Aliyevuta moshi wa mkaa au wa jenereta chumba kimefungwa: kaboni monoksaidi imekalia himoglobini, na kifaa cha mianga miwili kinaihesabu karibu kama oksijeni. Atasoma 98 huku anakata roho. Mwenye damu kidogo: himoglobini 4 ikiwa imejaa yote ni saturesheni 100, lakini oksijeni iliyobebwa na damu yake haizidi theluthi ya ile ya mwenye 14. Methimoglobini, yaani himoglobini iliyoharibika isiyoweza kubeba oksijeni: namba inaganda kwenye 85 au jirani, na hata ukiongeza oksijeni haisogei. Na kabla ya yote hayo, tazama wimbi. Namba isiyo na wimbi la maana, au ambayo mapigo yake hayalingani na mkono wako ulioko kwenye ateri, usiiandike.

Kuna moja siwezi kulipitia haraka, nalo ni rangi ya ngozi. Mwaka 2020 madaktari wa Michigan walichapisha ulinganisho wa oksimita na damu ya ateri katika jarida la tiba la New England. Kati ya vipimo ambavyo oksimita ilisoma 92 hadi 96, damu yenyewe ilikuwa chini ya 88 kwa takriban asilimia 12 ya vipimo vya wagonjwa weusi, na asilimia 4 hivi kwa weupe. Kosa hilo huelekea kwenye kufariji, yaani namba inakuwa nzuri kuliko ukweli. Watu huniuliza: basi tutoe ngapi? Sina cha kutoa. Kosa halifanani kati ya mtu na mtu, kwa hiyo ukiondoa 3 kwa kila mgonjwa mweusi utawakosea wengi kwa upande mwingine. Ninachofanya ni kwamba 92 ya mgonjwa mweusi anayehema simalizi nayo shauri. Napima damu nikiweza. Nisipoweza, nafuata mgonjwa anavyoonekana, na mara nyingine nimempa oksijeni mtu ambaye huenda hakuihitaji.

Nina shaka nyingine ambayo vitabu vinaikwepa. Kama oksijeni ya puani inaziba kengele, je, tuache kuwapa wagonjwa wa morfini wasioihitaji? Wapo wenzangu wanaofanya hivyo, wanataka namba ishuke mapema. Kwa mgonjwa kijana aliye macho, nakubaliana nao. Kwa mzee aliyepasuliwa tumbo, usiku, wodi ya wagonjwa 30 na muuguzi mmoja, sina uhakika. Ninachojua ni kwamba huwezi kumvua oksijeni mgonjwa aliyekwisha kulala mazima ili tu uone namba ikianguka. Huyo anahitaji kupumulishwa.

Na kuhesabu pumzi nako si kinga timilifu. Chati zetu zimejaa 18 na 20 kwa sababu tunazikisia tukiwa tunafunga kifaa cha presha. Mimi pia nimeandika 18 zisizohesabiwa. Isitoshe, kifua kinaweza kuinuka mara 14 huku koo limezibwa na ulimi na hakuna hewa inayopita. Ndiyo maana naweka kiganja kifuani na shavu karibu na mdomo, nasikiliza, kisha namwita kwa jina. Kati ya hizo zote, namna anavyoamka ndiyo ninayoiamini zaidi. Mgonjwa wa morfini husinzia kwanza, pumzi hufuata.

Yule mzee nilimwinua taya, nikampulizia kwa bagi na maski, muuguzi akavuta naloksoni, dawa inayopinga morfini, tukaichanganya na maji. Mikrogramu 100, tukasubiri, 100 nyingine. Hatukumpa yote kwa mkupuo, angeamka akipiga yowe la maumivu. Pumzi zikafika 12, akauliza kama ni asubuhi.

Kabla sijaondoka nikamwambia muuguzi, "Sista, naloksoni itakwisha kabla ya morfini. Mhesabie kila dakika 15, dakika nzima, na umwamshe." Saa tisa kasoro usiku simu ikalia. "Daktari, amerudi 8, na kumwamsha ni kazi." Nikauliza oksimita inasema nini, kwa tabia tu.

"97," akasema. "Nimeanza kuchanganya naloksoni."