Umati wa sokoni usioyeyuka nyuso: tabaka tatu ndani ya picha moja

Mteja alinirudishia picha ya soko niliyoitengeneza kwa akili bandia, ikiwa na duara jekundu moja tu. Ndani ya duara alikuwemo mwanamume aliyesimama hatua kama kumi nyuma ya muuzaji wa matunda. Jicho lake moja lilikuwa limeshuka hadi shavuni, na mdomo umeungana na kola ya shati. Muuzaji aliyekuwa mbele alikuwa ametoka vizuri kabisa, hadi mikunjo ya pembeni mwa macho. Nilikuwa nimeshinda nusu siku nikimtazama yeye, na huyo wa nyuma nikampita.

Tangu siku hiyo nimebadilisha kabisa namna ninavyoandika promti za umati, yaani maelezo ninayoipa modeli ili ichore. Wengi wakiona nyuso zimeyeyuka hukimbilia kuongeza maneno: nyuso safi, macho makali, ubora wa juu. Maneno hayo hayaponyi kitu, na kwenye umati huzidisha ugonjwa. Chanzo chake ni hesabu ndogo inayofaa kujulikana kabla ya kuandika neno la kwanza.

Modeli kama Stable Diffusion XL, kwa kifupi SDXL, haichori pikseli moja kwa moja. Inachora kwanza picha ndogo iliyofinywa, ambamo mraba mmoja unabeba eneo la pikseli 8 kwa 8, kisha picha hiyo ndogo inakunjuliwa kuwa ile tunayoiona. Picha ya pikseli 1216 kwa 832, kwa ndani, ni miraba 152 kwa 104 tu. Sasa mchukue mtu wa katikati ya umati mwenye uso wa pikseli 48 kwa upana. Amepewa miraba 6 kwa upana na kama 7 kwa urefu. Ndani ya miraba hiyo 42 lazima yaingie macho mawili, nyusi, pua, mdomo, kidevu na kivuli cha shavu. Jicho zima linaangukia mraba mmoja, au linakatwa katikati ya miraba miwili. Hapo ndipo uso unapoyeyuka: modeli inajua uso ulivyo, ila imenyimwa mahali pa kuuweka.

Kwa kazi zangu za SDXL, uso wa chini ya pikseli 25 haunipi taabu. Mtazamaji anaona kichwa, na jicho lake linajijazia yaliyobaki. Uso wa pikseli 130 na kuendelea hutoka vizuri, au hukosea kidogo tu. Balaa liko katikati, kati ya pikseli 40 na 100. Hao ni wakubwa kiasi cha jicho kuwatafuta macho na mdomo, na wadogo kiasi cha modeli kushindwa kuviweka. Kwa hiyo kazi yote ya tabaka tatu, yaani wahusika, umati na mandhari ya mbali, ni kuhakikisha hakuna mtu anayeangukia ukanda huo akiwa ametugeuzia uso. Ama anasogezwa mbele awe mhusika, ama anapewa sababu ya kutoonekana uso.

Soko lina sababu hizo kwa wingi. Watu wanatembea kuelekea ndani, kwa hiyo tunaona visogo vyao. Wengine wameinama juu ya bidhaa. Kuna kofia, miamvuli, mizigo kichwani, vivuli vya maturubai. Umati ninauandika kwa vitu hivyo na kwa mwelekeo wa miili, na sitaji uso hata mara moja. Hii ndiyo promti ya kazi ile, baada ya kuiandika upya:

```
open-air market at midday, two people in the foreground:
an elderly woman selling fruit, seen from the chest up on the left,
a young man leaning toward her, in profile;
behind them a dense crowd seen from behind,
hats, baskets carried on heads, umbrellas, out of focus;
awnings and hazy rooftops far away
```

Wahusika wametangulia, na nimesema wanaonekana kuanzia kifuani kwenda juu. Kipande hicho cha `from the chest up` ndicho kinachonipa ukubwa wa uso. Nikiandika muuzaji tu, modeli humsimamisha mzima toka kichwa hadi miguu, na uso wake unashuka mpaka pikseli 60, yaani anaingia kwenye ukanda ule ule mbaya. Umati umefuata, ukiwa umegeuka na ukungu wa lenzi juu yake. Mandhari ya mbali haina mtu hata mmoja: maturubai na paa zilizofifia kwa joto. Nikisahau kulipa tabaka la mwisho vitu vyake, modeli huujaza upeo kwa watu zaidi. Promti yote inaenea ndani ya tokeni 75, yaani vipande vya maneno, ambazo ndizo kisomaji cha maneno cha modeli hizi huzibeba kwa mkupuo mmoja.

Umati usiandikiwe kwamba hauna nyuso. Neno uso likishatajwa kwenye promti kuu, hata likiwa limekanushwa, linavuta nyuso. Mahali pake ni promti hasi, yaani orodha ya mambo ambayo modeli inaambiwa iyaepuke:

```
looking at viewer, facing camera
```

Hapa kuna jambo lililonigharimu majaribio mengi kulielewa. Maneno ya promti hayakai sehemu moja ya picha. Kila mraba wa picha unasoma promti nzima, ndiyo maana sifa niliyoikusudia kwa muuzaji peke yake humrukia kila mtu aliye nyuma yake. Ukiandika uso wenye maelezo mengi kwa ajili ya mhusika mmoja, umati mzima utageuka kukutazama, na kila mmoja atajaribu kuwa na maelezo mengi ndani ya miraba yake 42. Promti hasi nayo inasambaa vivyo hivyo. Ndiyo sababu nimewafanya muuzaji na mnunuzi watazamane wao kwa wao: agizo la kutotazama kamera linawageuza watu wa nyuma bila kuwadhuru hawa wawili.

Natengeneza picha nane kwa mpangilio huo na kuchagua kwa kutazama umati kwanza. Wahusika naweza kuwatengeneza baadaye. Umati ulioharibika ni kazi ya siku nzima. Kisha ninapima nyuso kwa pikseli kwenye programu ya picha, kila uso unaoonekana. Katika picha niliyoichagua muuzaji alikuwa na upana wa 160, kijana 140, na nyuma yao walibaki watu watatu waliogeuka kwetu wenye 50 hadi 70.

Hao watatu niliwashughulikia mapema. Nilichora maski, yaani alama ya eneo la kuchorwa upya, juu ya kichwa na mabega ya kila mmoja, nikaandika promti mpya ya maneno machache, mtu anayeonekana kwa nyuma akiwa na kofia pana, na kuweka `Denoising strength`, yaani nguvu ya kuchora upya, kwenye 0.75. Namba hiyo ni kubwa kwa makusudi. Ikiwa 0.4, modeli inang'ang'ania umbo lililopo na kukupa uso ulioyeyuka kwa namna nyingine. Tunataka isahau kwamba palikuwa na uso.

Kwa wahusika hesabu inageuka. Maski ya muuzaji ilifunika uso, shingo na mwanzo wa bega, pikseli 240 kwa 280. Kwenye kiolesura cha AUTOMATIC1111 nilichagua `Only masked`, pambizo ya pikseli 64, na ukubwa wa 1024 kwa 1024. Chaguo hilo linakata eneo la maski pamoja na pambizo yake, hapa mraba wa pikseli 408, linalikuza mara 2.5, linachora upya, kisha linalirudisha mahali pake likiwa limepunguzwa. Uso uliokuwa na pikseli 160 unachorwa ukiwa na 400, yaani miraba 50 kwa upana badala ya 20. Nguvu niliiweka 0.4, kwa kuwa pozi na mwanga vilikuwa sawa tayari.

Promti ya hatua hii lazima ibadilike, na wengi huisahau. Ukiacha ile ya soko zima, modeli inaambiwa ichore soko, wahusika wawili na umati ndani ya kipande chenye uso mmoja. Inatii: unakuta vichwa vidogo vimechipuka shavuni, au mwamvuli kwenye paji la uso. Mimi niliandika uso wa mwanamke mzee, ametabasamu kidogo, anatazama kulia, jua la utosini. Jua hilo si pambo. Bila kulitaja, uso hurudi na mwanga laini wa studio, na muuzaji anaonekana kama amekatwa gazetini na kubandikwa sokoni. Dalili ya kutazama ni kivuli cha chini ya pua: kikiwa kimeanguka upande tofauti na kivuli cha kikapu kilicho mbele yake, rudia.

Kuna kiongezi kiitwacho ADetailer kinachotafuta nyuso chenyewe na kufanya hatua hizo bila kuchora maski. Nakipenda kwa picha za mtu mmoja. Kwenye umati, ukikiacha na mipangilio yake ya kawaida, kinaweza kuinua kila uso kinaoutambua hadi safu ya tatu, wote kwa promti ile ile, na unapata ndugu ishirini wa tumbo moja wakikukodolea macho. Dawa iko kwenye `Mask min area ratio`. Uso wa muuzaji, kama 160 kwa 190, ni karibu asilimia 3 ya picha nzima. Uso wa 48 kwa 56 haufiki asilimia 0.3. Nikiweka 0.01, yaani asilimia moja, kinawachukua wahusika na kuwaacha wengine.

Kukuza picha nzima kunakuja mwisho kabisa, baada ya hayo yote. Ukikuza mapema kwa nguvu ndogo, uso ulioyeyuka unakuwa uso ulioyeyuka wenye kingo kali. Ukikuza vipande vipande kwa nguvu kubwa, kila kipande kinasoma promti yote, na muuzaji mwingine wa matunda anazaliwa juu ya paa.

Modeli zilizokuja baada ya SDXL zimelegeza kamba hii kidogo. FLUX.1 na Stable Diffusion 3 zinabeba namba 16 kwa kila mraba, pale SDXL inapobeba 4, kwa hiyo uso mdogo unahifadhi mengi zaidi. Ukanda wangu mbaya huko unaanzia chini zaidi, lakini upo, na promti ya tabaka tatu naiandika vile vile.

Kabla ya kutuma, sasa naitazama picha mara mbili. Kwanza kwa ukubwa wa kidole gumba, kuona kama jicho linakwenda kwa wahusika. Halafu kwa asilimia 100, nikianzia kona ya juu kushoto na kusogea safu kwa safu, huku muuzaji na kijana nimewafunika kwa kipande cha karatasi kwenye skrini ili wasinivute tena.