Primiamu ekonomi kwenye ndege ya usiku: unalipia nini hasa?

Ndege inaruka saa tano usiku, unatua asubuhi, na kwenye skrini ya kukatia tiketi kuna bei mbili. Moja ni ya ekonomi ya kawaida. Ya pili ni ya daraja la katikati, lililoandikwa Premium Economy, nayo imezidi ya kwanza kwa nusu au hata zaidi. Nimelala, na nimekesha, kwenye madaraja yote mawili. Ninachokiona kila mara ni kwamba watu wanalipia kitu ambacho hakimo kwenye tiketi hiyo, huku kile kilichomo hasa hawakihesabu.

Dhana: Ni kama daraja la biashara la bei nafuu, kwa hiyo utalala vizuri

Kiti cha primiamu hakigeuki kitanda. Ni kiti cha ekonomi kilichopanuliwa. Ukipima kutoka mgongo wa kiti chako hadi mgongo wa kiti kilicho mbele, ekonomi ya safari ndefu kwa kawaida ina inchi 31 au 32, na primiamu ina kama 38. Mgongo wa kiti cha ekonomi hulala nyuma kwa inchi 4 au 5 hivi. Wa primiamu hufika 7 au 8. Kwa hiyo bado utalala umeketi. Ila kuna kuketi na kuketi.

Kinachomwamsha mtu kwenye ekonomi mara nyingi ni kichwa. Mgongo ukiwa karibu wima, shingo ikilegea tu kichwa kinaanguka mbele au pembeni, unashtuka, unajiweka sawa, na dakika 20 baadaye yanajirudia yale yale. Mgongo ukilala zaidi, uzito wa kichwa unaanza kubebwa na kiti badala ya shingo. Huo ndio usingizi unaouziwa: vipande virefu zaidi kabla ya kushtuka. Usiku mzima wa kulala fofofo haumo kwenye bei hiyo.

Jambo la pili halitangazwi sana, nalo kwangu lina uzito kuliko miguu: mabega. Kwenye Boeing 777 nyingi, safu moja ya ekonomi ina watu 10, yaani 3-4-3. Primiamu ya ndege hiyo hiyo huwa na watu 8, yaani 2-4-2. Upana wa ndege haujabadilika. Wameondolewa watu wawili na nafasi yao wakagawana waliobaki. Kwenye Boeing 787 huwa ni 9 dhidi ya 7. Mtu wa pembeni akijigeuza usiku, kwenye ekonomi unalijua, kwa sababu kiwiko chake kiko ubavuni mwako. Mwenye mabega mapana ataona tofauti hii kabla ya ile ya miguu. Mwembamba mwenye kimo cha wastani, anayeweza kujikunja dirishani na kusinzia popote, huenda asione tofauti ya maana, na huyo simshauri atoe hela yake.

Dhana: Nafasi ni kubwa, hakuna atakayekubana

Hapa watu hufanya hesabu nusu. Wewe umepewa kiti kinacholala inchi 8, na aliye mbele yako amepewa hicho hicho. Akikilaza, sehemu ya zile inchi ulizolipia inarudi kwake.

Safari moja nilichagua dirisha kwenye upande wenye viti viwili. Taa zikazimwa, wa mbele akalaza kiti mpaka mwisho, na jirani yangu naye akalaza chake na kuinua kipumziko cha miguu. Saa nane usiku nikataka kwenda msalani. Mbele ya uso wangu kulikuwa na skrini umbali wa kiganja na nusu, na kati yangu na njia kulikuwa na miguu ya mtu aliyelala. Nilisimama nusu, nimeshika kichwa cha kiti cha mbele, nikamwamsha wa mbele na wa pembeni kwa mpigo mmoja. Tangu siku hiyo, kwa ndege ya usiku, nachukua kiti cha njiani.

Mashirika machache yana viti vya primiamu vyenye ganda gumu nyuma: wa mbele anasukuma makalio yake mbele ndani ya ganda, na mgongo hauji kwako. Hakuna anayekubana, lakini na wewe hulali nyuma kama kwenye viti vile vingine.

Safu ya kwanza, ile iliyotazamana na ukuta, inaonekana kuwa suluhisho kwa sababu hakuna wa kukulalia. Kabla ya kuikimbilia, jua kwamba begi lako halitakaa miguuni wakati wa kuruka na kutua, meza na skrini huwekwa ndani ya mikono ya kiti, mtu mrefu anaweza kukuta ukuta unazuia miguu kunyooka, na vitanda vya watoto wachanga mara nyingi hufungwa kwenye kuta kama hizo.

Dhana: Hata iweje, primiamu ni bora kuliko ekonomi

Kuna usiku mmoja ambapo si kweli, nao ni usiku wa ndege isiyojaa. Kwenye ekonomi, mikono ya viti vingi huinuka. Ukipata viti vitatu vitupu, unainua mikono, unafunga mkanda juu ya blanketi, unalala ubavu. Hapo umelala kuliko abiria yeyote wa primiamu, kwa sababu mikono ya viti vyao haiinuki. Ndani yake kuna meza. Jirani yako asipokuja, kiti chake kitupu kitakusaidia kwa kuwekea mto na kitabu, basi.

Shida ni kujua mapema. Ramani ya viti inadanganya: kiti kinachoonekana wazi kinaweza kuwa kimeshauzwa kwa mtu ambaye bado hajachagua pa kukaa. Inaanza kusema ukweli ndani ya saa 24 za mwisho, watu wanapothibitisha safari, na hata hapo si dhamana. Msimu wa likizo usiiwekee matumaini.

Dhana: Primiamu inakukinga na damu kuganda miguuni

Imani hii inawafanya watu watoe pesa kwa hofu, kwa hiyo nataka iwe wazi. Utafiti ulioongozwa na Shirika la Afya Duniani, uliotolewa mwaka 2007, ulionyesha kwamba hatari ya damu kuganda kwenye mishipa huongezeka karibu mara mbili kwa safari ya saa 4 au zaidi, na bado ni kama mtu 1 kati ya 6,000. Kisababishi ni kukaa muda mrefu bila kujongea, nacho kipo kwenye gari, basi na treni pia. Miongozo ya mwaka 2012 ya chuo cha madaktari wa kifua cha Marekani ilisema hakuna ushahidi wa uhakika kwamba kiti cha ekonomi chenyewe ndicho tatizo, na ikashauri wenye hatari kubwa wakae njiani ikiwezekana. Aliyejibana dirishani kwenye primiamu kwa saa 9 bila kunyanyuka yuko pabaya kuliko wa ekonomi anayeinuka mara kwa mara. Kama umewahi kuganda damu, umefanyiwa upasuaji karibuni au una mimba, mwone daktari kabla ya safari. Daraja la tiketi si tiba.

Dhana: Tofauti ya bei ndiyo gharama ya starehe

Bei hizo mbili hazinunui vitu vile vile, ndiyo maana kutoa moja kwenye nyingine hakutoshi. Primiamu mara nyingi ina begi la pili na kuchagua kiti bila malipo ya ziada, wakati tiketi rahisi ya ekonomi inaweza kuwa haina hata begi la kwanza. Halafu kuna saa. Ndege ya usiku si giza mwanzo mpaka mwisho. Kupaa na chakula cha jioni hula karibu saa 2, na taa huwashwa kwa kifungua kinywa kama saa 1 na nusu kabla ya kutua. Safari ya saa 7 angani inakubakishia giza la saa 3 na nusu. Ya saa 12 inakubakishia 8 na nusu.

Tuchukue mfano, kwa namba za kufanyia hesabu tu. Ekonomi kwenda na kurudi ni 1,000, primiamu ni 1,800. Kila upande umezidi kwa 400. Kwenda ni usiku, saa 12 angani. Ungehitaji begi la pili hata hivyo, ambalo kwenye ekonomi lingekugharimu 100, na kuchagua kiti 40. Ondoa hizo, inabaki 260. Kama unajijua, kwenye ekonomi unapata usingizi wa saa 3 za kukatika-katika na kwenye primiamu 5, basi umenunua saa 2 kwa 130 kila moja. Ukisafiri bila begi la pili, kila saa inakuwa 180. Kwenye safari ya saa 7 nyongeza ya usingizi haiwezi kuvuka nusu saa au saa nzima, kwa sababu giza lenyewe ni fupi. Hata tofauti ikiwa ndogo, saa moja ya usingizi inakuwa ghali zaidi.

Sasa weka ile 260 pembeni ya bei ya chumba cha hoteli unakokwenda. Ukifika saa moja asubuhi na chumba hakipatikani mpaka mchana, kulipia usiku uliotangulia kunakupa bafu na kitanda kilichonyooka saa ile ile unayokihitaji. Mara nyingi hiyo inaishinda primiamu. Lakini kama unashuka kwenye ndege na kwenda moja kwa moja kazini, msibani au kuendesha gari, hoteli haikusaidii, na hapo ningelipa 130 kwa saa bila kusita.

Dhana: Ukichukua primiamu, ni safari nzima

Mashirika mengi yanaruhusu kuchanganya: primiamu usiku wa kwenda, ekonomi mchana wa kurudi, ambako ungekuwa macho tu. Jaribu kuipanga hivyo kwenye utafutaji wenyewe, uone jumla. Na kama unaunganisha ndege, fungua kila kipande cha tiketi usome daraja lake. Ile ndege fupi ya kuunganisha mara nyingi haina primiamu, unakaa ekonomi. Angalia pia aina ya ndege na ramani ya viti. Upana wa safu ukiwa ule ule wa ekonomi, kwa mfano 3-3-3 kote, unauziwa kiti chenye nafasi ya miguu tu, na hicho hakistahili bei ya primiamu.

Ofa ya kupandishwa daraja inayotumwa siku chache kabla ya safari inaweza kuwa nusu ya tofauti ya awali. Isome maandishi yake madogo kuhusu mizigo: mara nyingi unapata kiti na chakula, lakini mabegi yanabaki yale yale ya tiketi uliyonunua mwanzo. Kwa hiyo kwenye hesabu ya juu, ile 100 ya begi usiiondoe.