Sigiri chumbani na swali la msawazo: maswali na majibu kwa wanafunzi wa S.5

Daktari, tuna mtihani wa kemia hapa Kabale kuhusu msawazo. Mwalimu alitaja sumu ya mkaa. Mkaa unaingiaje hapo?

Mwanangu, Kabale iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya usiku huwafanya watu waingize sigiri chumbani na kufunga madirisha. Mkaa ukiungua penye hewa haba hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Hata makaa mekundu yasiyotoa moshi wowote huitoa. Ikifika kwenye damu huipokonya oksijeni kiti chake juu ya himoglobini (Hb):

HbO₂ + CO ⇌ HbCO + O₂

Huo mshale wa pande mbili unasema mmenyuko unakwenda mbele na kurudi nyuma kwa wakati mmoja. Msawazo hufikiwa kasi hizo mbili zinapolingana, hakuna kilichosimama. Kanuni aliyoitoa Le Chatelier mwaka 1884 ni kwamba ukiuvuruga msawazo, unasogea upande utakaopunguza badiliko ulilolileta. Ukiongeza CO unasogea kulia, kwa sababu huko ndiko CO inakotumika.

Lakini CO hewani ni kidogo, oksijeni ni nyingi. Inashindaje?

Kwa sababu himoglobini huishika CO kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko inavyoishika oksijeni. Tuchukue 210 ili hesabu iwe nyepesi:

HbCO ÷ HbO₂ = 210 × (CO ÷ O₂)

Hewa ina oksijeni asilimia 21. Tuseme CO chumbani imefika asilimia 0.1 tu. Basi 210 × (0.1 ÷ 21) ni 1. Yaani watu wakilala humo hadi msawazo ufikiwe, nusu ya himoglobini yao itakuwa imeshikwa na CO, na kiasi hicho kinaweza kuua. Ndani ya mapafu tarakimu hutofautiana kidogo, lakini njia ya kukokotoa ni hiyohiyo.

Hospitalini wanampa mgonjwa oksijeni. Hiyo ni ukolezi au ni shinikizo?

Hapa ndipo wengi hupoteza alama. Kwanza, mgonjwa hutolewa nje mara moja, chanzo cha CO kiondoke. Kisha huvalishwa barakoa yenye mfuko wa oksijeni. Oksijeni iko upande wa kulia wa mlinganyo wetu, kwa hiyo ukiiongeza msawazo unarudi kushoto na CO inaachia. Kwa hewa ya kawaida, CO iliyomo kwenye damu huchukua saa nne hadi tano kupungua kwa nusu. Kwa oksijeni tupu huchukua saa moja hadi moja na nusu.

Sasa shinikizo. Hesabu molekuli za gesi: kushoto moja (CO), kulia moja (O₂). Ukiugandamiza mchanganyiko wote pamoja, zote mbili zinaongezeka kwa uwiano uleule na msawazo hausogei. Chumba maalumu cha shinikizo kubwa humsaidia mgonjwa kwa sababu mle anavuta oksijeni peke yake, hivyo upande mmoja tu ndio unaoongezeka.

Linganisha na Hb + O₂ ⇌ HbO₂, ambapo gesi iko kushoto tu. Shinikizo likishuka, msawazo unakwenda kushoto. Ndiyo maana mtu hutweta akipanda kilele cha Margherita, Rwenzori, mita 5,109, ambako shinikizo la hewa ni kama nusu ya lile la pwani.

Na joto?

Himoglobini inaposhika oksijeni hutoa joto. Homa ikipanda, msawazo unaelekea upande unaomeza joto, yaani kushoto, na damu inaachia oksijeni kwa urahisi zaidi kwenye misuli. Katika mabadiliko haya matatu, joto pekee ndilo linalobadilisha thamani ya K, namba ya msawazo kama ile 210 yetu. Ukolezi na shinikizo huusogeza msawazo huku K ikibaki ileile.

Shangazi yangu aliumwa kichwa na kutapika baada ya kulala na sigiri. Kipimo cha kidoleni kilisoma 98, wakasema hana shida, pengine ni malaria.

Kipimo kile hutambua rangi ya damu, na HbCO ni nyekundu, kinaihesabu kana kwamba ni HbO₂. Kwa hiyo 98 ile haikuonyesha oksijeni peke yake. Dalili ya kuangalia ni watu kadhaa wa chumba kimoja kuumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu asubuhi ileile, bila homa, na kupata nafuu wakitoka nje. Wakifika kituoni, mwambieni mhudumu kwanza kwamba sigiri ilikuwa chumbani, ili waanzishiwe oksijeni bila kusubiri namba ya kidoleni ishuke.